Koti la mvua linaloloa: tafuta sabuni kabla ya kutafuta tundu

Kila masika yanapoanza hapa Moshi, maneno ninayoletewa ni yale yale: "Koti limeanza kuvuja." Wanaoyaleta wengi ni wapagazi na waongoza wageni wa Mlima Kilimanjaro. Makoti yao wameyapata mtumba sokoni Memorial, au wameachiwa na wageni mwisho wa safari. Nayageuza ndani nje, namimina maji, nasubiri, na mara nyingi halitoki hata tone. Koti halina tundu. Lina mabaki ya sabuni.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili. Chini ya kila dalili naanza na sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi, na ukaguzi usiohitaji kitu zaidi ya maji na beseni. Ila usipojua koti limeundwaje, utatibu sehemu isiyoumwa, kwa hiyo tuanzie hapo.

Koti lilivyo ndani

Mkononi unahisi kitambaa kimoja, lakini kuna tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja. Nje ni nailoni au poliesta. Nyuma yake kuna utando mwembamba sana, na huo ndio unaozuia mvua. Upande wa mwilini kuna kitambaa chepesi au bitana ya kuulinda utando usisuguliwe. Kwenye makoti mepesi sana bitana haipo, kuna rangi tu iliyochapwa.

Utando ni wa aina mbili kuu. Wa kwanza ni wa tefloni, ile ile ya vikaango. Mwaka 1969 Bob Gore wa Marekani aligundua kwamba tefloni iliyopashwa moto ikivutwa kwa ghafla haikatiki, bali inatanuka na kujaa vijitundu visivyoonekana kwa macho. Tone la mvua halipenyi kwenye vijitundu hivyo, lakini mvuke wa jasho unapita. Wa pili ni wa poliurethani, na mara nyingi hauna tundu lolote. Unyevu unanywewa na utando wenyewe upande wa mwilini, unasafiri ndani yake, kisha unatokea upande wa nje. Makoti mengi ya tefloni yana pia tabaka jembamba la poliurethani upande wa ndani, kwa sababu mafuta ya mwili yakiingia kwenye vijitundu, maji hufuata njia hiyo hiyo.

Aina zote mbili zina sharti moja: ndani ya koti pawe na joto na unyevu kuliko nje. Hakuna pampu inayosukuma jasho. Mvuke unatoka kwa sababu nje ni pakavu kuliko ndani, na ukitandaza maji upande wa nje, safari hiyo inakwama.

Kitu cha mwisho, ambacho wengi hawajui kuwa kipo, ni dawa ya kuzuia maji iliyopakwa kwenye kitambaa cha juu kiwandani. Hiyo siyo utando. Kazi yake ni kufanya tone lijikunje liwe duara na kubingirika. Wewe uliyekulia huku umeshaiona kazi hiyo kwenye jani la gimbi kando ya mfereji: mwaga maji juu yake, yanakimbia kama vishanga na jani linabaki kavu. Sasa lipake jani hilo sabuni, liache likauke, kisha mwaga tena. Maji yanatandaa na kulala. Makoti ninayoletewa yameugua ugonjwa huo.

Dalili ya kwanza: koti linakunywa maji, linakuwa zito na rangi inakolea

Mvua ikinyesha, mabega na mikono ya koti vinageuka rangi nzito, kitambaa kinagandamana na mwili, unahisi baridi, na baada ya saa moja shati lako limeloa. Mwenye koti anaapa kwamba linavuja. Kilichotokea kwa kawaida ni hiki: kitambaa cha juu kimejaa maji, na utando ulio chini yake bado unazuia. Lakini maji yale yametandaa kama blanketi, mvuke wa jasho hauna pa kutokea, na kitambaa kimepoa. Jasho linagusa utando baridi na kugeuka matone. Unaloa kwa maji yako mwenyewe.

Sababu ya kwanza, tena kwa mbali sana, ni mabaki ya sabuni. Kila chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja inapenda mafuta na nyingine inapenda maji. Ndivyo inavyong'oa uchafu: inashika mafuta kwa ncha moja, na maji yanaivuta kwa ncha nyingine. Isiposuuzwa ikaisha, inaganda kwenye nyuzi, na ile ncha ya kupenda maji inalikaribisha tone badala ya kulifukuza. Sabuni ya unga ni mbaya zaidi kwa sababu ina chumvi, manukato na rangi za kung'arisha ambazo hazitoki zote. Sabuni ya mche kwenye maji magumu huacha utando mweupe ule unaouona pembeni mwa beseni. Ya kuogopwa kuliko zote ni softena. Hiyo imetengenezwa makusudi ibaki kwenye nguo baada ya kusuuza, na kwenye koti la mvua hilo ndilo hasa tusilolitaka.

Ukaguzi wake ni rahisi. Jaza beseni safi maji safi, usitie kitu. Zamisha koti, likandamize kwa mikono mara ishirini hivi, kisha chota maji hayo uyatie kwenye chupa angavu uitikise. Povu likikaa juu ya maji na lisipotee upesi, hiyo ni sabuni iliyolala kwenye koti tangu ulipolifua mara ya mwisho.

Sababu ya pili ni uchafu wenyewe: vumbi, moshi wa jikoni kambini, chumvi ya jasho, mafuta ya shingo na ya kujipaka. Uchafu huzilaza zile chembe za dawa zinazosimama kama manyoya kwenye nyuzi, na wenyewe unanyonya maji. Utautambua kwa mahali ulipo. Sabuni huharibu koti zima kwa usawa, lakini uchafu huanzia kwenye kola, ncha za mikono na pale mikanda ya begi inapokaa. Ndiyo maana ushauri wa "usilifue koti, utaliharibu" ni ushauri mbaya, ingawa ninausikia kila wiki. Koti lisilofuliwa kabisa linafikia hali ile ile kwa njia nyingine.

Ya tatu ni dawa kulala tu bila kuisha, kwa sababu ya kukunjwa na kusuguliwa. Hii inarudishwa kwa joto. Ya nne ni dawa kuisha kweli, na hapo hakuna usuuzaji utakaoirudisha.

Tiba inafuata mpangilio huo huo. Mwaka huu dada mmoja mwongoza wageni aliniletea koti la bluu la tabaka tatu. Alilinunua mtumba, na kwa misimu miwili alikuwa akilifua kila aliposhuka mlimani kwa sabuni ya unga, na mwisho analiloweka kwenye softena ili linukie.

"Kaka, limezeeka, niambie tu ukweli," alisema.

Nilimwagia tone begani. Lilitandaa na kuingia ndani ya sekunde chache. Maji ya beseni yalitoa povu nene. Tukafanya hivi.

Tulifunga zipu zote na kulegeza kamba. Tulipangusa vumbi kwa brashi laini, kisha tukalifua kwa maji ya uvuguvugu, kama lita 15, na vijiko vitatu vya sabuni maalumu ya maji ya kufulia nguo za mvua. Ukiikosa sabuni hiyo, sabuni ya maji isiyo na softena wala dawa ya kung'arisha inafaa, ila tumia kidogo na ujiandae kusuuza zaidi. Kola na ncha za mikono tulizisugua kwa vidole. Halafu tukaanza kusuuza, kila mara kwa maji mapya, tukiangalia chupa. Maji yaliacha kutoa povu baada ya beseni la sita. Wengi huishia la pili, na hapo ndipo makoti yanapoharibikia. Hatukulikamua kwa kulisokota, kwa sababu kusokota kunabandua tabaka. Tulilikunja, tukalikandamiza, tukalitundika kivulini mpaka likakauka. Jua kali la mchana linachakaza kitambaa na gundi.

Lilipokauka tulilipima tena. Tone lilikaa bila kutandaa, lakini halikubingirika. Ikabaki kuiamsha dawa. Wenye mashine ya kukausha huliweka koti lililokauka humo dakika 20 kwa joto la chini. Sisi tulitumia pasi ya umeme, alama ya chini kabisa, mvuke umezimwa, taulo kavu kati ya pasi na koti, tukapitisha polepole sehemu kwa sehemu bila kugusa zipu. Baada ya hapo maji yalibingirika mgongoni na mikononi. Mabegani, pale mikanda ilipokuwa ikisugua, bado yalitandaa. Pale dawa ilikuwa imekwisha. Tulipuliza dawa mpya mabegani tu, tukapangusa iliyozidi kwa kitambaa chenye unyevu, tukalipasha tena.

Ishia hapa usiendelee: kama lebo ya ndani ina alama ya pasi iliyopigwa mkasi, usipige pasi. Tumia kikausha nywele kwa umbali wa kiganja. Pasi ya mkaa iache kabisa, joto lake huwezi kulidhibiti, na utando ukiyeyuka haurudi. Dawa ya kupuliza itumie nje, upepo ukikutoka mgongoni. Hewa yake ikivutwa chumbani imewahi kuwaumiza watu mapafu. Ukianza kukohoa, kubanwa kifua au kuhema kwa shida baada ya kuipuliza, acha na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Dalili ya pili: nje maji yanabingirika vizuri, ndani umeloa chepechepe

Hapa koti linafanya kazi na mwili wako umelizidi. Tuchukue koti lililoandikwa kwamba linapitisha gramu 15,000 za mvuke kwa kila mita ya mraba kwa siku. Ukigawa kwa saa 24 unapata gramu 625 kwa saa kwa kila mita ya mraba, tena katika hali ya maabara, kitambaa kikiwa kisafi. Mtu anayepanda na mzigo wa kilo 20 anaweza kutoa jasho la lita moja kwa saa, ambayo ni gramu 1,000. Begi likiziba mgongo na hewa ya nje ikiwa na unyevu, hesabu haikubali hata koti likiwa jipya kutoka dukani.

Msituni mambo ni magumu zaidi. Kati ya geti na kambi ya kwanza hewa ina uvuguvugu na imejaa unyevu, kwa hiyo tofauti ya ndani na nje ni ndogo, na mvuke hauna sababu ya kutoka. Koti lile lile utalisifu siku mbili baadaye, juu kwenye baridi na ukavu. Mgongoni nako begi limeziba, hakuna kinachopita.

Kinachosaidia ni kufungua zipu za kwapani kabla jasho halijaanza, kupunguza nguo za ndani, na kuacha fulana ya pamba nyumbani, kwa sababu pamba inakumbatia maji kiunoni na mgongoni.

Kama ulikuwa huloi hivi na umeanza majuzi, geukia upande wa ndani wa koti. Chumvi ya jasho, mafuta ya mwili na krimu ya jua hujenga ukoko kwenye bitana na kufunika utando. Ukipitisha kidole kwenye kola ya ndani kikatelezateleza, koti linahitaji kufuliwa kama nilivyoeleza, safari hii likiwa limegeuzwa.

Dalili ya tatu: maji yanaingia mahali pamoja

Hii ndiyo inayofanana na kuvuja kweli, na bado nusu yake siyo. Uliza kwanza kama maji hayaingii kwa mlango wa kawaida: shingoni kwa sababu kofia haikukazwa, au mkononi kwa sababu ulinyanyua mikono kushika mzigo wa kichwani. Mkono wa sweta ukichungulia nje ya koti unavuta maji ndani kama utambi wa taa, mpaka kwenye kiwiko.

Ukishaondoa hayo, fanya jaribio la mfuko. Geuza koti ndani nje, shika sehemu unayoishuku ifanye kama bakuli, mimina maji lita moja, pangusa kitambaa kilicho chini yake kikauke, subiri dakika kumi. Unyevu ukijitokeza kwa mstari kando ya mshono, utepe uliobandikwa juu ya matundu ya sindano umeachia. Ukijitokeza kama nukta, kuna tundu: mwiba, cheche ya moto, ncha ya jiwe. Ukijitokeza begani kama doa pana, utando umesuguliwa ukaisha na mikanda, na hilo ndilo baya zaidi kati ya hayo matatu.

Tundu linazibwa kwa kiraka cha kubandika, upande wa ndani, baada ya kupangusa kwa spiriti na kuacha pakauke. Kikate mviringo, kwani pembe huanza kubanduka mapema. Utepe ulioachia kidogo, wenye gundi yake bado, unaweza kushika tena kwa pasi ya chini juu ya taulo.

Usimpelekee fundi cherehani wa kawaida akushonee palipochanika. Si kwamba hajui kazi. Ni kwamba kila sindano inapopita inaacha tundu, na bila utepe juu yake umebadilisha mpasuko mmoja kwa safu ya matundu mia. Utepe ulioachia kwenye mishono mirefu, au zipu kuu ya kuzuia maji iliyoharibika, inahitaji fundi mwenye utepe wa joto na mashine yake. Kama humpati, koti libaki la manyunyu ya mjini.

Dalili ya nne: malengelenge, kunata, kupukutika

Hapa sitakuchosha. Malengelenge kwenye kitambaa maana yake tabaka zimeachana, kwa sababu ya joto kali, kusokotwa, mafuta au uzee wa gundi. Ndani kukinata, kukipukutika kama magamba meupe na kutoa harufu kali ya uchachu, poliurethani imeoza. Inaozeshwa na unyevu na joto pamoja, yaani kulifungia koti bichi kwenye begi na kulisahau stoo mpaka msimu ujao.

Hakuna sabuni, dawa wala pasi inayorudisha hali hiyo, na usimlipe mtu anayekuahidi kwamba anaweza. Usijaribu petroli, mafuta ya taa wala dawa ya kung'arisha nguo, zote zinakula gundi iliyobaki. Nta ya mshumaa, ambayo wengine wanaipaka, inazuia mvua kweli lakini inaziba kila kitu, na unabaki na mfuko wa nailoni mzito. Sokoni, kabla hujalipa, geuza koti, nusa kwapa, vuta kitambaa cha ndani kwa kucha kwenye kofia na mabegani. Likinata au likiachia ganda, lirudishe kwenye rundo hata likiwa na lebo kubwa.

Ukigundua ukiwa tayari mlimani

Hakuna cha kufua kambini. Vaa sweta la manyoya ya kutengenezwa au la sufu chini ya koti, kwa sababu hilo linapasha hata likiwa na unyevu. Kausha ulichonacho jikoni, mbali na mwali, na utunze nguo moja kavu ya kulalia ambayo huivai mchana kwa vyovyote.

Mwenzako aliyeloa akianza kutetemeka bila kuacha, mvue nguo mbichi, mvishe kavu, mfunike, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anameza vizuri. Akiongea kama mlevi, akijikwaa, au mtetemeko ukikoma wakati mwili wake bado ni wa baridi, suala la koti limekwisha. Mwambie kiongozi wa msafara aite waokoaji sasa hivi. Mlaze, mkinge na upepo na ardhi, mpashe kifuani, asitembezwe wala asisuguliwe mikono na miguu, na ateremshwe akiwa amebebwa.